Pembetatu Zinapopinduka: Jinsi Uso Mmoja Unavyovishwa Juu ya Mwingine

Chukua picha mbili. Ya kwanza ni ya mtu aliyefumba mdomo, ya pili ni ya mtu anayecheka, meno yote nje. Kazi ni kuchukua sura ya wa kwanza na kuivisha juu ya wa pili, macho yakae mahali pa macho, pua mahali pa pua, na midomo ifuate kicheko. Programu inaendeshwa, haitoi onyo lolote, na picha inatoka. Mashavu yamekaa vizuri, pua imenyooka. Lakini katikati ya midomo, pale ambapo meno yangeonekana, kuna utando mwekundu uliovutwa kama umepakwa kwa kidole. Kompyuta haikukosea hesabu hata moja. Pembetatu chache ndogo zimepinduka, na hakuna sehemu ya programu iliyopewa kazi ya kulitambua hilo.

Kazi hii hufanywa sana kwa OpenCV, maktaba huria ya programu za kuchakata picha iliyoanzishwa katika kampuni ya Intel mwaka 1999. Kwanza hutafutwa nukta za uso. Kigunduzi kinachotumiwa na wengi, cha maktaba ya dlib, hutoa nukta 68 zilizopewa namba kuanzia 0 hadi 67. Nukta 0 hadi 16 hufuata ukingo wa uso kutoka sikio moja, kupitia kidevu, hadi sikio la pili. Zinafuata nyusi, pua na macho, na mwishoni midomo: 48 hadi 59 ni ukingo wa nje wa midomo, 60 hadi 67 ni ukingo wa ndani. Nukta zenye namba moja katika picha mbili zinahesabiwa kuwa sehemu moja ya mwili. Nukta 30 ni ncha ya pua kwa kila mtu.

Nukta peke yake hazisemi kitu kuhusu ngozi iliyo kati yao. Ndiyo maana huunganishwa kuwa wavu wa pembetatu. Kila pembetatu ya uso wa kwanza ina mwenzake kwenye uso wa pili, na nukta tatu zinatosha kabisa kupata ugeuzi mmoja wa kuhamisha kilichomo ndani: kusogeza, kuzungusha, kunyoosha na kulaza upande. `cv2.getAffineTransform` hupokea nukta tatu za huku na tatu za kule, kisha hurudisha namba sita zinazobeba ugeuzi huo. `cv2.warpAffine` huzitumia namba hizo kujaza pikseli. Ukiongeza nukta 8 pembezoni mwa picha, yaani pembe nne na katikati ya kila upande, unakuwa na nukta 76 na pembetatu 142, na picha nzima imefunikwa bila pengo.

Njia hii si ya pekee. Video ya wimbo wa Michael Jackson, "Black or White", ya mwaka 1991, ambamo nyuso za watu zinageukiana moja baada ya nyingine, haikutumia pembetatu. Waliobuni mbinu yake, Thaddeus Beier na Shawn Neely, walichora mistari juu ya nyuso na kuiacha kila pikseli ivutwe na mistari yote kwa pamoja. Matokeo yalikuwa laini mno, lakini kila pikseli ilitegemea kila mstari. Faida ya pembetatu ni kwamba kila moja inajitegemea. Hasara yake inatoka hapohapo: hakuna pembetatu inayojua jirani yake yuko katika hali gani.

Swali la kwanza la mtu anayejenga wavu ni nani aunganishwe na nani. OpenCV ina `cv2.Subdiv2D`, inayotumia kanuni ya Boris Delaunay, mwanahisabati Mrusi aliyeichapisha mwaka 1934. Kanuni hiyo inasema hivi: ukizungushia pembetatu yoyote duara linalopita kwenye vipeo vyake vitatu, ndani ya duara hilo pasiwepo nukta nyingine. Mpangilio wa namna hii hukwepa kadiri inavyowezekana pembetatu nyembamba kama sindano. Ni kanuni nzuri, ila inazijali nukta mahali zilipo sasa hivi tu. Ukizihamishia kwenye uso mwingine wavu unakwenda nazo, na ile ahadi ya duara tupu haipo tena. Pembetatu iliyokuwa nene kwenye uso unaocheka inaweza kuwa uzi mtupu kwenye uso uliofumba mdomo.

Ndiyo maana wavu unapaswa kujengwa mara moja tu, kwa uso mmoja, halafu namba za nukta zitumike kwa nyuso zote mbili. Anayejenga wavu wa kila uso peke yake ni kama mafundi wawili waliokata nguo moja kwa vielelezo tofauti: kila kipande ni kizuri, lakini mishono haikutani. Nami nashauri kitu kimoja zaidi. Usijenge wavu kwa uso uliofumba mdomo. Nukta 62 ya katikati ya mdomo wa juu na 66 ya mdomo wa chini huweza kuangukia pikseli moja, na `Subdiv2D` ikipewa nukta ambayo tayari inayo haiongezi kipeo kipya. Nukta 66 inatoweka kimyakimya kwenye wavu, na hata uso wa pili ukifumbua mdomo kiasi gani, mdomo wa chini hauna kitu cha kuushika.

Sasa turudi kwenye ule utando mwekundu tuupime kwa namba. Chukua pembetatu yenye vipeo 62, 66 na 67, iliyo katika uwazi wa mdomo. Kwenye uso unaocheka, nukta 62 iko kwenye (210, 301), 66 kwenye (210, 312) na 67 kwenye (200, 311). Kwenye uso uliofumba mdomo kigunduzi kimesema 62 iko (320, 403), 66 iko (320, 402) na 67 iko (310, 403). Kumbuka kwamba katika picha za kompyuta namba ya pili huongezeka kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo nukta 66, ambayo ni ya mdomo wa chini, imewekwa pikseli moja juu ya nukta 62 ya mdomo wa juu. Hakuna binadamu mwenye midomo ya hivyo. Ni kutetereka kwa kigunduzi tu, na kosa la pikseli moja au mbili ni la kawaida kabisa kwake.

Kipimo cha kulinasa jambo hili ni eneo la pembetatu lenye alama. Fomula ile ya eneo, ukiacha kufuta alama ya kutoa, hutoa jibu chanya vipeo vikizunguka upande mmoja, na hasi vikizunguka upande wa pili:

```python
def eneo2(a, b, c):
    return (b[0]-a[0])*(c[1]-a[1]) - (c[0]-a[0])*(b[1]-a[1])

for i, j, k in pembetatu:
    s = eneo2(P[i], P[j], P[k])
    t = eneo2(Q[i], Q[j], Q[k])
    if s * t <= 0:
        print(i, j, k, s, t)
```

Hapa `P` ni nukta za uso wa chanzo na `Q` ni za uso lengwa, na jibu ni eneo mara mbili. Kwa uso unaocheka tunapata 110, maana yake pikseli 55 za mraba. Kwa uso uliofumba mdomo tunapata hasi 10, yaani pikseli 5 za mraba zilizopinduliwa. OpenCV inapoambiwa itafute ugeuzi kati ya pembetatu hizi mbili, inaupata bila shida, kwa sababu hesabu ya kupindua kama kwenye kioo ni halali kama nyingine yoyote. Kwa hiyo inachukua pikseli 5 za mstari wa midomo, inazigeuza juu chini, inazivuta mara 11 na kuzipaka palipokuwa meno. Huo ndio utando. Na hata kama kosa lile la pikseli moja lisingekuwepo, meno yasingepatikana: pembetatu haiwezi kuleta kitu ambacho kwenye picha ya chanzo hakikuonekana.

Ukigeuza kazi, chanzo kikawa anayecheka na lengwa aliyefumba mdomo, sura ya kosa inabadilika. Sasa pembetatu za mdomo wa juu zinashuka chini kidogo ya mahali zinapoanza pembetatu za mdomo wa chini. Pikseli zile zile zinapakwa mara mbili, na aliyepakwa mwisho ndiye anayebaki. Ukiona mstari wa midomo wenye meno kama msumeno, ambao unabadilika ukibadilisha tu mpangilio wa orodha ya pembetatu, hapo pana mkunjo.

Dawa ya midomo ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Pembetatu zinazojaza uwazi wa kinywa, zile zilizo ndani ya nukta 60 hadi 67, zitolewe kwenye orodha, na ndani ya kinywa paachwe picha ya uso lengwa kama ilivyo, meno yake na ulimi wake. Meno ya mwenye kicheko yanakubaliana na kicheko chake kuliko chochote kinachoweza kuvutwa kutoka kwenye mdomo uliofumbwa. Kisha nukta za ndani za juu zilinganishwe na wenzao wa chini, 61 na 67, 62 na 66, 63 na 65, na zikivukana zirudishwe kwenye kati yao, ya juu ikae juu. Macho yaliyofumbwa yana tatizo hilohilo kwenye kope, nukta 36 hadi 41 kwa jicho moja na 42 hadi 47 kwa la pili, na dawa ni ileile.

Kama ingekuwa hivi tu, kanuni ingekuwa fupi: ukiona hasi, rekebisha nukta. Lakini kuna hasi ya pili ambayo si kosa, na kuirekebisha ndiko kunakoharibu picha. Inakuja kichwa kinapogeuka.

Tuchukue pembetatu ya shavu yenye nukta 2 ya ukingo wa uso, 31 ya pembeni mwa pua na 48 ya kona ya mdomo. Uso ukitazama mbele, nukta hizo zinaweza kuwa (150, 300), (225, 290) na (205, 350), na eneo ni pikseli 2,150. Kichwa kikigeuka mpaka shavu hilo liwe la upande wa mbali, zinakuwa mathalani (262, 300), (268, 292) na (258, 348). Eneo sasa ni pikseli 128, chini mara 17 hivi, lakini bado ni chanya. Kigeuke kidogo zaidi, pua ilipite shavu, na ukapata (262, 300), (256, 292) na (254, 346), eneo linakuwa hasi 170. Hapa hakuna nukta iliyotetereka. Shavu lenyewe limejificha nyuma ya pua, na alama ya hasi inasema ukweli: kipande hiki cha ngozi kinatazama upande mwingine, mtazamaji hakioni. Pembetatu hiyo isichorwe kabisa.

Namna hasi hii inavyojitokeza inategemea kigunduzi. Kile cha nukta 68 hufundishwa kwa picha ambazo watu wameweka nukta za ukingo pale jicho linapoona ukingo. Kichwa kikigeuka, nukta 2 haibaki kwenye ngozi ileile, inateleza na ukingo unaoonekana. Kwa sababu hiyo pembetatu za shavu la mbali kwa kawaida hubanwa na kubanwa bila kupinduka, na hatari inakuwa ya kimya: namba ya nukta ni ileile lakini ngozi ni nyingine. MediaPipe, yenye nukta 468 na wavu wake uliokwisha kupangwa tangu mwanzo, hukadiria uso mzima pamoja na kina chake. Nukta za shavu la mbali zinakwenda kweli nyuma ya pua, na pembetatu zinapinduka kihalali. Isitoshe, kila nukta ina namba ya kina, ndogo ikimaanisha karibu zaidi na kamera, kwa hiyo pembetatu zinaweza kuchorwa kuanzia za mbali ili pua ije mwisho na kufunika kinachopaswa kufunikwa.

Basi ukiona hasi, uliza iko wapi na ina wenzake wangapi. Hasi moja au mbili zilizotengwa, zenye eneo la pikseli chache, ndani ya midomo au kope, ni kutetereka, na nukta irekebishwe. Hasi nyingi zilizoshikana upande mmoja wa uso, zote zikibadilika pamoja kichwa kikigeuka, ni ngozi iliyojificha, na pembetatu ziachwe. Kabla ya hasi kuna onyo la mapema zaidi, nalo ni uwiano wa maeneo. Mimi hulinganisha uwiano wa kila pembetatu na ule wa kati wa wavu wote, kwa kuwa nyuso mbili huenda zina ukubwa tofauti, na pembetatu iliyovutwa zaidi ya mara nne ya huo naiangalia kwa jicho langu. Ile ya shavu, iliyobanwa mara 17, ikiendeshwa kinyume, kutoka uso uliogeuka kwenda uso unaotazama mbele, inazaa michirizi mirefu ya rangi kwenye shavu zima hata kabla haijapinduka.

Kuchanika ni jambo jingine kabisa, na ni rahisi zaidi kulimaliza. `cv2.warpAffine` haifanyi kazi kwa kurusha pikseli za chanzo mbele. Inaanza na kila pikseli ya lengwa na kuuliza rangi yake inatoka wapi. Kwa hiyo ndani ya pembetatu mashimo hayatokei, hata ivutwe kiasi gani, inafifia tu. Nyufa hutokea mshononi, mahali pembetatu mbili zinapokutana, na sababu zake ni za kuhesabika.

Ya kwanza ni kingo za kipande. Programu nyingi hukata mstatili unaozunguka pembetatu, zikaugeuza, kisha zikabandika kwa kutumia kifuniko kilichochorwa na `cv2.fillConvexPoly`. Pikseli za ukingoni huuliza rangi nje kidogo ya mstatili uliokatwa, na OpenCV isipoambiwa vingine hujibu kwa nyeusi. Wavu wote unaonekana umechorwa kwa kalamu juu ya uso. Kuweka `borderMode=cv2.BORDER_REFLECT_101` kunaifanya ijibu kwa rangi za jirani, na mistari inaondoka. Ya pili ni kujumlisha. `fillConvexPoly` hupaka pia pikseli za ukingo, kwa hiyo ukingo wa pamoja ni wa pembetatu zote mbili. Anayebandika kwa `cv2.add` anaujumlisha mara mbili na kupata mistari meupe. Anayefuta cha zamani kwanza ndipo abandike, hapati.

Ya tatu inawashangaza hata wazoefu. Mtu anaona ukingo wa kifuniko una ngazi, analainisha kwa `cv2.LINE_AA`, na mistari hafifu inatokea uso mzima. Hesabu yake ni hii. Pikseli ya ukingo ina kifuniko cha nusu. Pembetatu ya kwanza ikipakwa, nusu ya picha ya zamani inabaki. Ya pili ikipakwa, inaacha nusu ya hiyo nusu. Robo ya picha ya zamani inachungulia katika kila mshono. Programu nyingi za mafunzo zimeandikwa na ulainishaji huo na bado hazionyeshi kasoro, kwa sababu vifuniko vyake ni vya namba za desimali, na OpenCV hulainisha picha za biti 8 tu. Kwingine hupuuza ombi hilo bila kusema. Siku mtu anapobadilisha kifuniko kiwe cha biti 8 ili kuokoa kumbukumbu, nyufa zinaamka.

Suluhisho ninaloliamini ni kuacha kubandika vipande. Chora picha moja ya namba, ambamo kila pembetatu imepakwa namba yake kuanzia 1, na 0 ikabaki kwa pasipo na pembetatu; pembetatu 142 zinaingia vizuri kwenye biti 8, zinazofika 255. Kila pikseli sasa ina mwenyewe mmoja tu. Tumia ugeuzi wa pembetatu hiyo, kutoka lengwa kwenda chanzo, kupata mahali pa kuchukua rangi, jaza ramani mbili, moja ya upande na moja ya wima, kisha ita mara moja tu:

```python
matokeo = cv2.remap(chanzo, ramani_x, ramani_y, cv2.INTER_LINEAR)
```

Kwenye ukingo wa pamoja pembetatu zote mbili hutoa jibu lilelile la mahali, isipokuwa sehemu ndogo ya pikseli, hivyo haijalishi nani alipewa pikseli hiyo. Mshono hauna pa kutokea. Kinachobaki ni kiwiko: mstari ulionyooka, kama mkono wa miwani, unapinda kidogo kila unapovuka kutoka pembetatu moja hadi nyingine, kwa sababu mahali panaendelea lakini mwelekeo unabadilika ghafla. Hilo halina dawa ndani ya pembetatu ila kuongeza nukta.

Kabla ya kuvisha uso wa mtu yeyote, badala ya picha ya chanzo weka ubao wa miraba myeusi na meupe wenye ukubwa uleule, na uupitishe kwenye wavu huohuo. Ngozi huficha makosa kwa sababu rangi yake inafanana kila mahali, ubao hauwezi. Palipochanika, mstari wa rangi ya tatu unaonekana kati ya miraba. Palipovutwa, mraba mmoja umejaza shavu. Palipopinduka, safu za miraba zinafika kwenye ukingo wa pembetatu na kurudi zilikotoka, na hapo unaweza kusoma namba za vipeo vitatu na kwenda moja kwa moja kwenye nukta iliyoleta tatizo.